Shahidi wa Mzee Mulei

Mzee Mulei alipanda ngazi za ofisi yangu akiwa amevaa koti lake la kanisani, na siku yenyewe haikuwa Jumapili. Nikajua kuna jambo. Wazee wa huku Kibera hawavai koti la namna hiyo kuja kujuliana hali. Hulivaa wakienda kuozesha, kuzika au kushtaki, na kwa jinsi alivyokuwa amenuna, nilidhani amekuja kushtaki.

Ofisi yangu iko Makina, juu ya duka la magodoro la Marjan. Mimi ni wakili, kibao kimesema hivyo pale chini, lakini nilizaliwa Soweto West, humuhumu Kibera, na nusu ya wateja wangu walinijua nikitambaa. Kwa hiyo heshima ninayopewa na wazee huja ikiwa imepunguzwa kidogo. Mzee Mulei mwenyewe ndiye aliyetengeneza kitanda nilicholalia utotoni, na bado anakumbuka kwamba nilikikojolea.

"Filister," akasema, huku akikijaribu kiti changu kwa mkono kabla ya kukikalia. Fundi ni fundi. "Nataka kuandika wosia."

"Vizuri sana, mzee. Wengi huogopa."

"Mimi siogopi. Nataka mtoto mmoja asipate kitu. Hata kijiko asipate."

Nikamwomba anieleze mali yake kwanza. Alikuwa na ploti Kawangware yenye vyumba vya kupangisha, na taito yake, yaani hatimiliki, iko kwa jina lake. Alikuwa na vifaa vya kazi, na meza ya fundi ya mbao ya mvule aliyoitengeneza kabla hajaoa. Kibanda chake cha useremala hapo barabarani hakukitaja, maana kiwanja si chake, na hilo analijua kila mtu. Mkewe Wanza alikuwa amefariki. Watoto walikuwa watatu: Kimanzi aliyehamia Machakos, Geoffrey anayeuza simu Kawangware, na yule.

"Yule nani?"

"Yule. Si unamjua."

Nilimjua vizuri. Mwongeli alikuwa amepewa jina la mama yake Mzee Mulei, na tangu azaliwe baba yake alikuwa akimwita Mwaitu, yaani mama, jinsi Wakamba wanavyofanya. Alifundishwa useremala na baba yake, akafanya kazi naye miaka mingi, kisha akajifunza kuchomelea vyuma. Akafungua kibanda chake mwenyewe cha kutengeneza vitanda vya chuma. Angeweza kukifungua popote Nairobi. Alikifungua ng'ambo ya barabara, akitazamana na baba yake uso kwa uso, na tangu siku hiyo hajaitwa Mwaitu tena.

"Sasa niambie," mzee akasema. "Inawezekana ama haiwezekani?"

"Kuandika inawezekana. Mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kumwachia mali yake amtakaye na kumwacha nje amtakaye."

Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Nikaona huruma kulifuta tabasamu lile mapema hivyo, lakini hiyo ndiyo kazi yangu.

"Lakini wosia wako hauna neno la mwisho, mzee. Ukishafariki, Mwongeli anaweza kwenda kortini aseme baba hakuniwekea fungu linalonifaa. Jaji akikubaliana naye, atamkatia kitu kutoka kwa mali yako."

"Na mimi nikiwa nimekufa?"

"Ndio. Hutaulizwa."

"Lakini mimi simlishi. Ana bwana yake, ana kazi yake. Pesa anazo kunishinda."

"Ingekuwa ni ndugu yako au mjukuu wako, angetakiwa aonyeshe kwamba ulikuwa unamtunza mpaka ulipokufa. Mtoto wa kuzaa haulizwi hilo. Kwa sheria yeye ni mtegemezi wako hata kama ndiye anayekununulia unga."

Mzee akavua kofia, akaiweka kwenye goti, akaivaa tena. "Mali ni yangu ama si yangu?"

"Leo ni yako. Ukitaka kuiuza, uza. Ukitaka kumpa Marjan zawadi ukiwa hai, mpe."

Kutoka chini Marjan akakohoa. Sakafu yangu ni ya mbao na Marjan ana masikio mazuri, jambo ambalo huwaambia wateja wangu mapema ili wachague sauti. Mzee Mulei alikuwa ameambiwa. Hakuchagua.

"Kwetu sisi Waislamu ungepata shida zaidi, Mulei," sauti ya Marjan ikapanda kupitia mbao. "Warithi washapangiwa mafungu yao. Binti atapata nusu ya kaka yake, lakini kukosa hawezi kukosa. Cha kuusia ni theluthi tu, na hiyo ni ya watu wa nje."

"Sijakuuliza," mzee akaiambia sakafu.

"Najua. Nakupa bure."

Nikamrudisha mzee kwenye mambo yetu. Nilimweleza kwamba jaji halazimiki kugawa sawasawa. Anaweza kumpa mtoto fungu dogo, anaweza hata kumwacha bila kitu akiona baba alikuwa na haki. Na Mwongeli mwenyewe lazima aende kortini mapema, kabla korti haijathibitisha mgao wa mali. Ukishathibitishwa, hapo amechelewa.

"Huyo jaji anaangalia nini?"

"Anaangalia mali ni kiasi gani, na kila mtoto ana nini na anahitaji nini. Anaangalia yule mtoto alikutendea vipi. Anaangalia kama ulishampa kitu ukiwa hai. Na anaangalia sababu zako wewe. Kwa hivyo kama umeamua, tuziandike ziwe na nguvu. Sababu ya kwanza?"

Akakaa vizuri. Ilionekana swali hili alikuwa amelingoja.

"Ameolewa."

"Hiyo haina kazi. Binti aliyeolewa ni mtoto kama kaka zake."

"Ameolewa na Mjaluo."

Nikaweka kalamu chini. Mzee akanitazama, kisha akatazama ukutani, pale penye cheti changu kilichoandikwa Filister Aketch, jina la Kijaluo, kwa herufi kubwa kabisa.

"Si kwa ubaya," akasema. "Chris ni kijana mzuri. Endelea na ile nyingine."

"Ile ya alivyokutendea. Aliwahi kukutukana?"

"Hapana."

"Kukupiga? Kukutelekeza ukiwa mgonjwa?"

"Nilipolazwa alikuwa analeta uji kila asubuhi." Akafikiri. "Ulikuwa mwepesi."

"Niandike kwamba uji ulikuwa mwepesi?"

"Usiandike."

Ikabidi nimwache mpaka aliseme lenyewe. Likatoka. Kuna mteja, mama mmoja wa hapo karibu na msikiti, aliyekuwa na kitanda cha Mzee Mulei kilichoanza kulia usiku. Badala ya kukirudisha kwa mwenyewe, alivuka barabara akampelekea Mwongeli. Mwongeli akakiwekea vyuma kwenye pembe zote nne mchana kweupe, watu wakitazama, na alipomaliza akasema, "Sasa kitanda cha mzee kimenyamaza." Watu wakacheka. Mpaka leo kuna vijana wakipita kwa Mzee Mulei humwuliza leo vitanda vimeamkaje.

"Alinifanya kichekesho kwa watu," akasema, na sauti yake ilikuwa imeumia kweli, si ya mzaha. "Mimi nilimshika mkono nikamfundisha kushika msumeno. Akanifanya kichekesho."

Niliandika kitu, maana alikuwa ananitazama mkono. Kisha nikauliza swali la mwisho ambalo jaji yeyote angeuliza. Je, watoto hawa aliwahi kuwapa nini akiwa hai? Kimanzi alijengewa nyumba Machakos. Geoffrey alifunguliwa duka la simu, lilipofilisika akafunguliwa lingine.

"Na Mwongeli?"

"Alipata randa yangu ya zamani."

"Ulimpa."

Mzee akaipangusa kofia yake kwa kiganja.

"Nilimuuzia," mzee akasema. "Lakini bei ya mtoto."

Nikamwambia ukweli, kama ninavyowaambia wote. Wosia huu nitauandika jinsi anavyotaka, kwa kuwa ni wake. Ila nikiwa mimi ndimi ninayemtetea Mwongeli kortini siku moja, ningefurahi sana kuzisoma sababu hizi mbele ya jaji. Hakufurahi yeye. Akasema andika hivyohivyo, na akaulizia mashahidi, akisema atawaleta Kimanzi na Geoffrey.

"Hao usiwalete. Shahidi hapaswi kuwa mtu anayepata kitu ndani ya wosia. Akitia sahihi, kile ulichomwachia kinabatilika, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasiopata chochote. Ukileta wanao hao wawili peke yao, kila mmoja atakuwa amejinyang'anya kwa mkono wake. Tena mali ambayo haina mwenyewe kwenye wosia hugawiwa watoto wote sawa. Wote watatu."

Alielewa haraka. Macho yakamtoka alipoona jinsi ambavyo angemrithisha Mwongeli bila kukusudia.

"Marjan atakuwa mmoja," nikasema. "Wa pili naweza kuwa mimi."

"Hapana. Wewe nakulipa. Shahidi wangu awe mtu asiyepata kitu, na ambaye mimi mwenyewe namwamini. Nitamtafuta."

Akashuka ngazi akiwaza. Nilimsikia akimnung'unikia Marjan pale mlangoni, na Marjan akimtakia siku njema.

Wosia ulipokuwa tayari nilimtumia ujumbe. Akaja asubuhi, koti lilelile. Nyuma yake kulikuwa na vishindo vya viatu vizito, na aliyevivaa akatokea mlangoni: Mwongeli, miwani ya kuchomelea juu ya kichwa, aproni imejaa matundu ya cheche, uso umefurahi namna ambayo sikuwa nimeiona siku nyingi.

"Niaje, Filister. Mzee anasema ananihitaji kidogo. Itachukua muda? Nimeacha chuma kwa meza."

Nilimwomba asubiri. Nikamshika Mzee Mulei kwa kiwiko cha lile koti lake la heshima, nikamtoa nje kwenye ngazi, na nikanong'ona kwa ukali nilioweza.

"Mzee. Umemleta Mwongeli awe shahidi wa wosia unaomnyima yeye?"

"Wewe ndiye ulisema. Mtu asiyepata kitu." Alikuwa anajivunia hesabu yake. "Nimepita watu wote kichwani. Marafiki zangu wengine ni waongo, wengine ni walevi. Huyu sijawahi kusikia uongo kutoka kwake. Akisema ameniona nikitia sahihi, hata korti itaamini."

"Hilo la kutosema uongo ungeniambia wakati tunaandika sababu."

Mzee akafunga kifungo cha koti.

"Anajua kilichoandikwa?"

"Shahidi lazima asome?"

"Si lazima," nikakiri. Ni kweli, shahidi anashuhudia sahihi, si maneno. "Na ujue kutia sahihi kwake hakumfungi. Bado anaweza kwenda kortini."

"Hataenda," mzee akasema. Aliponiambia hivyo alikuwa anatazama chini, na nadhani neno lenyewe lilimchoma, kwa kuwa alijua kwa nini hataenda.

Nilikasirika. Siri ya mteja ni siri, na siwezi kumwambia binti wa mtu kilichomo kwenye karatasi za baba yake. Lakini kuna onyo ninalompa kila shahidi, awe nani. Marjan alikuwa amepanda tayari, kanzu safi, amekaa karibu na dirisha akijifanya hajui lolote. Tukaketi wote. Nikalitoa lile onyo polepole kuliko kawaida.

"Mzee atatia sahihi kwanza, nyinyi wawili mkimwona. Halafu nyinyi mtatia zenu, yeye akiwaona. Na mjue kwamba shahidi hapaswi kuwa mtu aliyeachiwa kitu humu ndani. Wala mume au mke wa mtu huyo. Kuna mwenye tatizo na hilo?"

Marjan akatikisa kichwa na kuangalia viatu vyake.

Mwongeli alinitazama mimi, akamtazama baba yake, na furaha ile ikamtoka usoni taratibu. Si mtu wa kuelezwa jambo mara mbili.

"Kwa hivyo nimeitwa kwa sababu mimi sipati," akasema.

Mzee Mulei alikuwa amepata kitu cha kuangalia kwenye mguu wa meza yangu.

"Sawa," Mwongeli akasema. "Mali ni yako, Baba. Siwezi kukuambia haijaniuma, imeniuma. Asubuhi ulivyovuka ile barabara nilimpigia Chris simu. Nikamwambia mzee amevuka, leo amenikumbuka." Akacheka kidogo, na ile ilikuwa mbaya kuliko kulia. "Kumbe ulikuwa unatafuta shahidi."

"Nilikuwa natafuta mtu wa kuamini," mzee akasema kwa sauti ndogo.

"Hiyo nayo nashukuru. Ile meza ya mvule umempa nani?"

"Geoffrey."

"Geoffrey ataipangia simu juu." Akavuta kiti chake karibu. "Mguu wake wa nyuma umelegea, huwa naona kutoka kwangu ukipiga randa. Kabla haijaenda kwake nitakuja niukaze. Isije ikamwangukia. Haya, tia sahihi, chuma changu kinapoa."

Nikasukuma karatasi mbele ya mzee nikampa kalamu. Meza yangu mimi nayo hucheza, niliinunua kwa mtu ambaye si fundi, na mzee alipoegemea kuandika ikainama upande. Karatasi ikateleza. Kabla sijanyoosha mkono, Mwongeli alikuwa ameibana kwa viganja vyote viwili, huku na huku, ameinamisha kichwa kando ili asimzibe mwanga.

Nimekulia hapa. Nimewaona wawili hao namna hiyo tangu nikienda shule: baba na msumeno, binti akibana ubao kwa viganja viwili, kichwa kando, hakuna anayemwambia mwenzake neno. Hakuna aliyefikiria jambo hilo sasa, angalau si yeye Mwongeli. Mikono yake ilikuwa imezoea.

Mzee Mulei alishika kalamu juu ya jina lake. Akavitazama vile viganja. Vilikuwa na makovu madogo ya moto, mapya, na chini yake kovu moja la zamani la msumeno, ambalo nadhani alikuwepo lilipopatikana. Ncha ya kalamu haikushuka.

"Ni hapo, Baba," Mwongeli akasema. "Juu ya jina. Nimeshika."

"Naona umeshika."

Akaweka kalamu kando. Akavua kofia, na safari hii hakuivaa tena.

"Madam Wakili," akasema. Hajawahi kuniita hivyo, si kabla ya siku ile wala baada yake. "Tutafute shahidi mwingine. Huyu hafai."

"Hafai kwa nini, mzee?" Nilijua. Nilitaka aseme.

"Si umesema mwenyewe. Shahidi hapaswi kuwa mtu anayepata kitu."

Marjan akageukia dirisha, akajipangusa macho kwa ncha ya kanzu, na kulalamika kwamba ofisi yangu ina vumbi. Nikachukua ile karatasi isiyo na sahihi ili niiandike upya. Nilivuta, haikutoka. Mwongeli alikuwa bado ameibana mezani kwa nguvu zake zote, anamtazama baba yake.

"Achilia, Mwaitu," mzee akamwambia. "Tumemaliza kukata."